Maziwa Yaliyomwagika na Koleo Lililovunjika

Kiingereza kina msemo unaomkataza mtu kulia kwa sababu ya maziwa yaliyokwisha kumwagika. Mpe mtafsiri asiye na uzoefu wimbo wenye msemo huo, naye atafanya moja kati ya mambo mawili. Ataandika mstari kuhusu maziwa, msikilizaji wa Tanga au Morogoro abaki akijiuliza ni maziwa gani, ya nani, na kwa nini mtu mzima ayalilie. Au atakumbuka kwamba Kiswahili kina methali ya maji yakimwagika hayazoleki, aibandike pale, apumue, aendelee na ubeti unaofuata. Hiyo njia ya pili ndiyo inayosifiwa madarasani: methali kwa methali, nahau kwa nahau. Mimi naona inahitaji kuchunguzwa kwa makini kuliko ile ya kwanza, kwa sababu kosa la mstari wa maziwa linasikika mara moja, lakini kosa la mstari wa maji linajificha ndani ya Kiswahili kizuri.

Pwani yetu imezoea tangu zamani kuimba kwa mahadhi ya watu wengine. Nadi Ikhwan Safaa, klabu ya taarabu iliyoanzishwa Unguja mwaka 1905, ilianza kwa kuimba Kiarabu. Mombasa, Juma Bhalo alijipatia jina kwa nyimbo za Kiswahili zilizoimbwa kwa mahadhi ya filamu za Kihindi. Lakini anayeimba hivyo halazimiki kutafsiri kitu. Anachukua mahadhi, anaacha maneno, na anatunga yake. Waliotia Kiswahilini nyimbo za kanisani, kama zile zilizomo katika Tenzi za Rohoni, hawakuwa na uhuru huo, kwa kuwa mafundisho yalipaswa kubaki yaleyale. Mtafsiri wa nyimbo wa leo anasimama katikati ya hao wawili. Anatakiwa kuhifadhi kisa cha wimbo na hisia zake, lakini hakuna anayemdai kila neno. Peter Low, mwanazuoni wa New Zealand aliyeandika sana kuhusu kazi hii, anataka mtafsiri apime mambo matano kwa pamoja: wimbo uimbike, maana ifike, lugha isikike ya kawaida, mapigo yakae, na vina vionekane pale vinapohitajika. Anashauri tukubali kupoteza kidogo hapa ili tupate pale, badala ya kung'ang'ania jambo moja hadi mengine yote yafe. Ushauri huo naukubali. Ninachoongeza ni kwamba methali inapoingia katika wimbo, neno "maana" halitoshi. Methali ndani ya wimbo inasemwa na mtu, inamlenga mtu, na inataka kumfanya mtu huyo atende au akubali jambo. Hiyo ndiyo kazi yake, na kazi hiyo ndiyo inayopaswa kuvuka.

Tubuni wimbo ili tuone. Ni wimbo wa Kiingereza wa mume anayemsihi mkewe asiondoke baada ya ugomvi. Ubeti wake, ukiutoa neno kwa neno, unasema hivi: usilie juu ya maziwa yaliyomwagika, jagi letu bado zima, ng'ombe yuko zizini, kesho tutakamua tena. Ni ubeti mwepesi, na kila anayezaliwa na Kiingereza anauelewa bila kufikiri.

Sasa weka methali yetu mwanzoni mwa ubeti. Bahati mbaya ni kwamba inakaa vizuri mno. Ukiinyoosha kidogo unapata "Maji yakishamwagika, hayawezi kuzoleka," mizani minane kila kipande, na vina vinalingana. Mtafsiri anaweza kuupenda mstari huo kiasi cha kutotaka kuugusa tena. Lakini msikilize mume anavyosema. Alikuwa anamwambia mkewe kwamba hasara ni ndogo na inafidika. Sasa anamwambia kwamba kilichoharibika hakirudi. Msemo wa Kiingereza unamtaka mtu aache kulia ili aendelee na maisha; methali ya Kiswahili inaufunga mlango. Zote mbili zinahusu kitu kilichomwagika, na zote mbili zinakubali kwamba yaliyopita yamepita, ndiyo maana makamusi huziweka pamoja. Katika mdomo wa mtu anayesihi, moja inamsaidia na nyingine inamhukumu. Halafu jagi na ng'ombe wamebaki mayatima katika mistari inayofuata. Maji hayahitaji ng'ombe. Msikilizaji atashangaa mnyama huyo ametoka wapi, na huo ndio upuuzi tuliokuwa tunaukimbia, ila sasa umehamia mistari miwili chini.

Kwa hiyo kabla ya kutafuta methali ya kufanana naangalia kwanza kama wimbo unairudia picha ya msemo wenyewe. Msemo ukitajwa mara moja na kuachwa, picha yake haina uzito, na naweza kuibadilisha nitakavyo. Ukiendelezwa, yaani mtunzi akiyashika maziwa na kuyafuata mpaka zizini, picha hiyo ni nguzo ya ubeti mzima. Hapo zimebaki njia mbili tu za heshima.

Ya kwanza ni kuyabakiza maziwa na kuachana na dhana ya kwamba ni methali. Wasikilizaji wetu wanajua maziwa, ng'ombe na kukamua. Wasichojua ni kwamba maziwa hayo ni msemo. Basi tuwasimulie jambo lenyewe: "Maziwa yamemwagika, kibuyu kipo kizima, machozi yakikauka, kesho ng'ombe tutakama." Jagi limekuwa kibuyu, kwa sababu kibuyu ndicho chombo cha maziwa kwa wafugaji wengi wa huku. Mizani ni minane kwa minane, vina vya kati ni -ka na vya mwisho ni -ma. Neno "tutakama" ni la zamani kidogo, lakini ushairi unalivumilia, na "tutakamua" lingeongeza silabi moja. Hakuna anayehitaji kueleweshwa ubeti huu. Kilichopotea ni ile sauti ya wahenga: mume sasa anaongea kwa niaba yake mwenyewe, haegemei tena busara ya watu wote.

Njia ya pili ni kuhama na picha nzima. Hapo hatutafuti methali yenye kitu kilichomwagika. Tunatafuta methali inayofanya kazi ya mume, inayosema kwamba hasara hii haimalizi shughuli. Nayo ipo: kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kipande cha kwanza kina mizani minane tayari. Cha pili kina saba, na silabi moja ya kuongeza inakitosheleza. Lakini tukiiweka peke yake ng'ombe atabaki yatima tena, kwa hiyo lazima ubeti wote uingie karakana ya mhunzi: "Kuvunjika kwa koleo, si mwisho wake uhunzi, moto ungaliko leo, twaweza fua mapenzi." Zizi limekuwa moto ambao haujazimika, na kukamua kesho kumekuwa kufua upya. Hakuna neno hata moja la ubeti wa asili lililobaki, na bado naamini hii ni tafsiri ya kweli kuliko ile ya maji, kwa kuwa mume anamwambia mkewe jambo lilelile na kwa nguvu ileile.

Kuchagua kati ya ubeti wa kibuyu na ubeti wa koleo hakutegemei ladha tu. Kama wimbo una video, na katika video maziwa yanamwagika sakafuni, koleo haliwezi kuingia. Macho yatasema hivi na masikio vile. Kama maziwa yamo katika jina la wimbo au katika kiitikio kinachorudiwa mara sita, ni hivyohivyo. Kama ni wa kuimbwa jukwaani na bendi au kwaya, bila picha, ningechagua koleo. Na lile wazo la maji lisitupwe. Tuseme ubeti wa tatu ni jibu la mke, naye amekataa kurudi. Hapo ndipo maji yanapopata mwenyewe. Mume akija na koleo lake, mke akajibu kwamba maji yakishamwagika hayawezi kuzoleka, wimbo unakuwa na mabishano ya methali kwa methali ambayo Mswahili yeyote anayatambua, hata kama ubeti wa asili wa mke haukuwa na methali. Mtafsiri wa nyimbo anaruhusiwa kulipa ubeti wa tatu kile alichokinyima ubeti wa kwanza.

Nahau fupi zina hatari yake nyingine, nayo ni kufufua picha iliyokufa. Mwingereza anaposema ameanguka ndani ya mapenzi, haoni mtu akianguka. Picha ilikwisha kufa zamani, limebaki tendo la kupenda. Ukiandika kwa Kiswahili kwamba nimeanguka katika mapenzi, umemwangusha mtu upya, na msikilizaji anamwona chini. "Nimekupenda" inatosha, au kama mtunzi ametaka kuonyesha kushindwa kujizuia, basi mtu ananaswa, anazama, anatekwa. Vijana watakwambia wamedondoka, nao wana haki, ilimradi wimbo uwe wa vijana. Kinachonisumbua zaidi ni nahau ambazo zinafanana kwa umbo na kuachana kwa maana. Moyo uliovunjika kwa Kiingereza ni wa mtu aliyeachwa na mpenzi wake. Kwa Kiswahili kuvunjika moyo ni kukata tamaa: mwanafunzi aliyefeli mtihani anavunjika moyo, mkulima aliyekosa mvua anavunjika moyo. Ni kweli nyimbo za mapenzi za siku hizi zimeanza kuutumia kwa maana ya Kiingereza, na pengine siku moja utakuwa wetu. Lakini katika wimbo wenye kisa cha mtu aliyesalitiwa, mstari wa kwamba umenivunja moyo unaweza kusikika kana kwamba mpenzi amemkatisha tu tamaa ya jambo fulani. Kiswahili kina lake tayari. Ukitaka la zamani, "Umenikata maini" lina mizani minane kamili na linauma kuliko moyo wowote uliovunjika. Ukitaka la mtaani, "nimetendwa" linasema yote kwa neno moja.

Hapa nagusa jambo ambalo watu wa maandishi hulisahau na watu wa muziki hulijua kwa masikio: mkazo. Katika Kiswahili mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na maneno yanayokiuka hilo ni machache. Kiingereza kimejaa maneno ya silabi moja, na watunzi wao hupenda kumalizia mstari kwa neno la aina hiyo, sauti ikivutwa na ngoma ikipigwa juu yake. Neno lao la maziwa lina silabi moja. Sasa chukua "yamemwagika" uliweke kwenye sauti hiyo ya mwisho. Mkazo wa kawaida uko kwenye "gi", lakini mahadhi yanaulazimisha uende kwenye "ka", na mwimbaji anatoa "yamemwagikAA." Kila mtu aliyekulia kanisani anazijua nyimbo za aina hii: maneno yote ni ya Kiswahili, na bado kitu kinasikika kigeni, kwa sababu mahadhi yaliyotungiwa lugha nyingine yanapiga mahali pasipo pake. Mara chache mkazo hubadilisha hata maana. Neno "barabara" likikazwa kwenye silabi ya tatu ni njia ya magari. Likikazwa kwenye ya pili ni sawasawa, bila kasoro.

Kwa methali tatizo hili ni zito zaidi, maana methali inatambulika kwa mdundo wake. Ukiuvunja mdundo, msikilizaji haisikii kama methali hata kama maneno yote yapo. Dawa ya kawaida ni kuigawa sauti ndefu ya mwisho iwe mbili, ya kwanza ndefu na nzito kwa ajili ya silabi yenye mkazo, ya pili fupi na nyepesi kwa ajili ya silabi ya mwisho. Mwimbaji mzuri wa taarabu hufanya hivyo bila kuambiwa. Kama mwenye mahadhi hakubali yaguswe hata kidogo, ni bora kutafuta maneno mengine kuliko kuimba methali iliyopinda. Njia ya kujua ni rahisi: usiimbe, soma mstari kwa sauti ya mazungumzo huku ukipiga makofi mahali ngoma inapopiga. Kofi likiangukia silabi ambayo mdomo haujaikaza, hapo pana kazi ya kufanya. Kwa upande mwingine, Kiswahili kina bahati ambayo Kiingereza hakina: karibu silabi zake zote huishia kwa irabu, kwa hiyo sauti ndefu haikwami kwenye konsonanti. Mstari uliopangwa vizuri unaimbika kwa raha kuliko ule wa asili.

Safari ya kutoka Kiswahili kwenda nje ina sheria zilezile, ila hatari zinakaa mahali pengine. Mtu anaimba kwamba amekufa ameoza kwa mpenzi wake, na sisi tunatabasamu. Maandishi ya chini ya video yakisema kwa lugha nyingine kwamba huyu bwana ni maiti inayooza, mtazamaji wa Stockholm anadhani ni wimbo wa msiba au wa kutisha. Mtafsiri aiachie picha iende, atafute maneno ya kupenda kupita kiasi. Lakini arudi kwenye lile swali la kwanza: je, wimbo unaendelea kutaja sanda na kaburi? Kama unaendelea, maiti hana budi kubaki, na mtafsiri amtayarishe mtazamaji mapema, kwa mstari unaosema wazi kwamba ni mapenzi yaliyomuua. Nafasi anayo ndogo. Maandishi hayo kwa kawaida ni mistari miwili ya herufi zipatazo 40 kila mmoja, inayokaa kwa sekunde chache tu, na hakuna pa kuweka maelezo.

Si kila methali inayoharibika ikitafsiriwa neno kwa neno. Ile ya tembo wanaopigana na nyasi zinazoumia imeingia Kiingereza kama ilivyo na inatumika hadi leo, na ile ya damu kuwa nzito kuliko maji inatumika huku na kule bila taabu. Zinazosafiri hivyo ni zile ambazo picha inabeba sababu yake yenyewe: mtu akiwaona tembo na nyasi anamaliza hesabu mwenyewe. Zisizosafiri ni zile ambazo nguvu yake iko masikioni. Haraka haraka haina baraka inashika kwa sababu haraka na baraka hutofautiana kwa herufi moja tu. Ukiitoa kama sentensi kwamba pupa haileti neema za Mungu, unapata nasaha ambayo hakuna mtu angeiweka kwenye kiitikio. Hapo nakubali kupoteza neema na pupa zote mbili ili nipate msemo mfupi wenye vina katika lugha ninayoiendea, hata ukiwa na wazo la jirani tu.

Nyimbo zinazonifikirisha zaidi ni za mipasho, na naona ndizo zinazoharibiwa sana kwa nia njema. Katika taarabu mstari hauimbwi ili uelezwe. Unaimbwa, mwanamke mmoja anainuka kwenda kumtunza mwimbaji, noti mkononi, anacheza kidogo akipita mbele ya meza fulani, na waliopo wanaelewa au wanajifanya hawakuelewa. Chukua usemi wa kwenye kanga, mwenye kovu usidhani kapoa. Mwimbaji hajamtaja mtu. Akiulizwa anaweza kuapa kwamba alikuwa anaimba tu. Uwezo huo wa kusema na kukana kwa wakati mmoja ndio uhai wa fumbo. Mtafsiri akiogopa kwamba mgeni hataelewa, akaandika kwamba jeraha ulilonipa bado linaniuma, ewe mke mwenza, amemvua mwimbaji nguo hadharani. Usemi huu kwa bahati picha yake inajieleza: kovu na jeraha vipo kila mahali. Utafsiriwe kama ulivyo, kwa nafsi ya tatu, bila jina la mlengwa. Mgeni asiyeelewa analengwa nani yuko katika hali ileile ya nusu ya ukumbi. Pale picha isipojieleza, naona afadhali kutafuta fumbo jingine la lugha ile kuliko kulifungua letu.

Kuna suala la ruhusa pia. Haki ya kutafsiri ni ya mtunzi, ndivyo unavyosema Mkataba wa Berne na ndivyo zinavyofuata sheria za nchi nyingi, na anayebadilisha maziwa kuwa koleo amekwenda mbali zaidi ya tafsiri ya kawaida. Mtunzi asiyejua Kiswahili hawezi kuupima ubeti wa mhunzi kwa kuutazama. Inafaa apelekewe vitu vitatu: maneno mapya, tafsiri ya neno kwa neno ya maneno hayo mapya katika lugha yake, na sentensi moja chini ya kila mstari uliohama picha, ikieleza mume anataka nini kwa mke hapo. Watunzi wengi hushtuka wakiona karakana mahali palipokuwa na zizi, kisha hutulia wakisoma ile sentensi. Wasipotulia, wimbo ni wao, na ubeti wa kibuyu upo.

Na kabla ya kuutuma popote, wimbo uliotafsiriwa uimbwe mbele ya mtu ambaye hajawahi kuusikia wa asili wala hajaonyeshwa maandishi. Asiulizwe kama ni mzuri, kwa sababu atasema ni mzuri. Aombwe asimulie kisa: nani anamwambia nani, na anataka nini. Akisema ni mume anambembeleza mke asiondoke, methali imefanya kazi yake. Akisema mume ameshakubali kwamba ndoa imekwisha, au akiuliza ng'ombe ametokea wapi, mtafsiri anajua ni mstari upi wa kurudia.